Monduli: jinsi kijana anavyofanywa afisa wa jeshi

Katika mazungumzo ya wiki hii redioni nilijibu barua ya mzazi mmoja wa Qurus, wilayani Karatu. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na amepitia Jeshi la Kujenga Taifa, na sasa anataka kuwa afisa wa jeshi. Mzazi huyo ana maswali mawili. La kwanza, amejitokeza mtu anayesema kwamba nafasi ya Monduli inapatikana kwa fedha, naye ameanza kufikiria kuuza ng'ombe wawili. La pili, je, huko ndani kijana wake atafanywa nini? Kwa kuwa maswali haya wanayo wazazi wengi, wa mijini na wa vijijini, nimeona tuyaangalie kwa utulivu.

Tuanze na jina lenyewe. Watu wengi wakipita barabara ya Arusha kwenda Makuyuni na kuona njia ya kuingia Monduli, husema kule ndiko wanakofundishwa askari. Si sahihi sana. Askari wa kawaida, yaani kuruta, wana shule yao Kihangaiko, mkoani Pwani. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli kazi yake ni nyingine. Kinamchukua mtu na kumwandaa kuongoza askari. Anayesoma hapo huitwa afisa mwanafunzi, na akifuzu hupewa kamisheni, yaani mamlaka ya uafisa, na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Huvaa nyota moja begani na kuitwa Luteni Usu.

Kwa nini nchi ihangaike kuwa na chuo chake? Wazee wanakumbuka. Tulipopata uhuru mwaka 1961, jeshi letu lilikuwa bado linaongozwa na maafisa Waingereza. Vijana wetu waliokuwa wamefuzu katika chuo cha Sandhurst kule Uingereza walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wao, Luteni Alexander Nyirenda, ndiye aliyepandisha bendera na kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru. Lakini mwenge mmoja haukutosha. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakawakamata maafisa wao. Madai yao yalikuwa mishahara, na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza ili Waafrika washike nafasi zao. Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Mkuu wake wa kwanza akawa Mrisho Sarakikya, kijana wa Meru aliyekuwa amesoma Sandhurst. Tatizo la maafisa lilibaki. Kwa miaka kadhaa vijana walipelekwa nje, na washauri wa kijeshi kutoka Kanada walikuja kusaidia, mpaka nchi ilipoanza kuwafundisha maafisa wake yenyewe. Katika miaka ya sabini chuo kilikuwa tayari Monduli. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alipata mafunzo ya uafisa hapo mwaka 1976 na 1977, na baadaye akarudi kuwa mkufunzi wa siasa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, Jeshi limetaka mwombaji awe raia, awe na afya njema, awe na vyeti halisi vya kuzaliwa na vya shule, asiwe amepatikana na kosa la jinai, na awe amemaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa na kupewa cheti. Umri usizidi miaka 24 kwa waliomaliza kidato cha nne au cha sita, 26 kwa wenye stashahada na 27 kwa wenye shahada. Anayekubaliwa huanza na ukuruta kama wengine, na kutoka humo ndipo huchaguliwa wa kwenda kwenye uafisa. Hili lina maana yake. Afisa anapaswa kujua buti la askari linabana wapi.

Majirani zetu wa Kenya wana njia tofauti kidogo. Wao hutangaza nafasi za maafisa wanafunzi peke yake, na kupima hata kimo na uzito. Kimo kisipungue mita 1.60, na uzito usipungue karibu kilo 55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Chuo chao kiko Lanet, karibu na Nakuru.

Lakini vyeti na mizani huonyesha tu nani asichukuliwe. Havionyeshi nani anaweza kuongoza, na swali hilo liliwasumbua hata wakubwa. Hadi mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wakichagua maafisa kwa mahojiano mafupi, ambamo kijana aliulizwa amesoma shule gani na baba yake ni nani. Wengi waliochaguliwa hivyo walishindwa kazi. Mwaka 1942 wakaanzisha bodi zenye utaratibu mwingine, ambao majeshi mengi yameuiga kwa namna mbalimbali. Watahiniwa sita hadi wanane hupewa mbao mbili, kamba na pipa, na kuambiwa walivushe pipa hilo upande wa pili wa shimo la kuigiza bila kugusa ardhi. Mbao ni fupi kuliko shimo, muda ni mdogo, na hakuna aliyeteuliwa kuwa kiongozi.

Wasaili hukaa pembeni na karatasi zao wakinyamaza. Kijana anayefikiri kwamba wanatafuta mwenye sauti kubwa hupayuka, huwasukuma wenzake na kutoa amri tatu zinazopingana. Mwingine anayeogopa kukosea hushika kamba na kungoja. Wasaili humtazama yule anayesema, "Tujaribu hivi," na ubao ukianguka hasemi ni kosa la nani, bali huuliza nani ana wazo jingine. Humtazama pia anayekubali wazo la mwenzake lililo bora kuliko lake na kulifanyia kazi kwa moyo wote. Pipa likivuka au lisivuke, hilo kwao ni jambo dogo.

Kwa maelezo hayo mzazi wa Qurus anaweza kujijibu swali lake la kwanza. Hata kama kungekuwa na mtu wa kupokea fedha, zingenunua nini? Haziwezi kumbebea kijana pipa, wala kumkimbilia mbio. Jeshi limetangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi, na wanaouza ni matapeli. Dalili zao ni zile zile. Tapeli hana tangazo lolote la Makao Makuu ya Jeshi. Hudai kwamba anamjua mkubwa fulani, hutaka fedha zitumwe kwa simu, na husisitiza zitumwe leo hii kwa sababu orodha inafungwa. Ng'ombe wabaki zizini.

Tuingie ndani ya lango. Mafunzo yenyewe hutofautiana kwa urefu. Wapo wanaosoma kozi ya kawaida ya takriban mwaka mmoja, na wapo wanaochukua shahada ya sayansi ya kijeshi kwa miaka mitatu. Sandhurst kozi kuu ni ya wiki 44. Kokote uendako, wiki za mwanzo zinafanana. Mtu huamshwa kabla ya alfajiri, na kwa Monduli ya Juni na Julai sisi watu wa nyanda za juu tunaijua baridi yake. Kuna mchakamchaka, kuna usafi wa hanga, kisha ukaguzi wa kitanda, buti, kombati na silaha. Baada ya chai huja kwata uwanjani, kisha darasani kwa ramani, mbinu za vita, sheria za kijeshi na historia. Jioni ni michezo, na usiku ni kusafisha silaha na kujiandaa kwa kesho.

Wengi walio nje hucheka wakisikia kwamba shuka lazima likunjwe mraba kamili. Siri haiko kwenye shuka, iko kwenye saa. Afisa mwanafunzi hupewa dakika 20 kwa kazi ya dakika 40, na hufanyiwa hivyo kwa makusudi. Siku za kwanza kila mmoja huhangaika na kitanda chake, na wote huchelewa. Kisha wanagundua wenyewe kwamba mwenye mkono mwepesi atandike vitanda vinne, mwenye jicho akague buti za wote, na mwingine afagie. Anayemaliza vya kwake na kukaa akiwatazama wenzake wakihaha huonekana upesi sana, na wenzake hawamsahau.

Jambo jingine ni zamu ya uongozi. Wiki hii kijana ni kamanda wa platuni, anatoa amri kwa wenzake zaidi ya ishirini. Wiki ijayo anarudi kuwa askari wa kawaida na kubeba bunduki ya rashasha ambayo ni nzito kuliko zote. Kwa hiyo anayewatesa wenzake leo anajua kwamba kesho kamanda ni mmoja wao. Anajifunza pia kwamba amri isiyoeleweka huumiza, kwa sababu juzi yeye ndiye aliyetembea maili mbili za bure kwa amri ya namna hiyo.

Hebu tufuate zoezi moja mpaka mwisho, tuone anapimwaje. Saa kumi jioni afisa mwanafunzi anaitwa na mkufunzi na kuambiwa kwamba platuni yake itatoka kwa doria saa nne usiku. Itakwenda kilomita tatu hadi kwenye korongo kavu, na pale penye kivuko itaweka ulinzi. Ana saa sita. Kanuni ya kijeshi inasema kiongozi atumie theluthi moja ya muda, na theluthi mbili awaachie walio chini yake. Maana yake, saa mbili ni zake na saa nne ni za askari.

Anayejua kazi hutoa amri ya tahadhari katika dakika kumi za kwanza: tunatoka saa nne, kwa miguu, chukueni maji na risasi kiasi hiki, chakula kiliwe mapema. Amri hiyo ni fupi, lakini watu thelathini wanaanza kujiandaa wakati yeye akiisoma ramani. Kabla jua halijazama anapanda mahali pa juu aone ardhi kwa macho. Kisha anachora ardhi hiyo mchangani, korongo kwa kamba, vilima kwa mawe, na saa kumi na mbili anatoa amri kamili kwa vichwa vitano ambavyo majeshi mengi huvitumia: hali ya adui na yetu, kazi tuliyopewa, tutakavyoifanya, chakula na majeruhi, na mwisho uongozi na mawasiliano. Muda unaobaki ni wa makamanda wa seksheni kuwaeleza watu wao, kufanya mazoezi, kurukaruka wasikie kama kuna kibati kinachogonga, kula, na kulala hata saa moja.

Asiyejua huanza kwa kujifungia na ramani. Mpango wake ni mzuri sana, wenye rangi tatu. Anautoa saa tatu na nusu usiku. Platuni inaondoka bila kula, betri ya redio haijabadilishwa, na seksheni ya tatu haijui kivuko kiko upande gani. Mkufunzi hahitaji kungoja mapambano. Anamuuliza tu askari wa mwisho mstarini tunakwenda wapi na kufanya nini. Asipojua, kosa ni la kamanda.

Sasa wanatembea gizani kwa dira. Hapa kuna hesabu moja ambayo kila afisa mwanafunzi huijua. Ukikosea nyuzi moja tu, kila kilomita unayotembea inakutupa pembeni karibu mita 17. Mtu mzuri usiku, kwenye vichaka na mawe, anaweza kukosea nyuzi tatu bila kujua. Kwa kilomita tatu hizo ni kama mita 150. Anafika kwenye korongo, lakini kivuko hakioni, na hajui kiko kushoto au kulia. Akichagua upande usio sahihi atatembea mpaka kuche.

Dawa yake ni kukosea kwa makusudi. Anaelekeza dira nyuzi sita kushoto mwa kivuko. Nyuzi sita kwa kilomita tatu ni kama mita 310. Sasa hata kama atakosea tatu upande wowote, atafikia korongo mahali fulani kati ya mita 150 na 470 kushoto mwa kivuko. Hana tena swali. Anageuka kulia, anafuata korongo, na kivuko lazima kimkute. Pamoja na hayo, mtu mmoja amepewa kazi ya kuhesabu hatua. Kila mmoja ameshapima mchana ni mara ngapi mguu wake wa kushoto unagusa chini katika mita 100, na anajua kwamba usiku na mlimani idadi hupanda, kwa maana hatua hufupika.

Hata hivyo watu hupotea, na hapo ndipo mkufunzi anayefuata nyuma kimya anapofungua macho zaidi. Dalili za kupotea ziko wazi. Hatua zimepita idadi iliyokadiriwa na korongo halijaonekana, au ardhi inapanda wakati ramani inasema ishuke. Kamanda mmoja husimamisha platuni, huwakalisha askari wakiwa na ulinzi pande zote, huwaita makamanda wa seksheni na kusema, "Nadhani tumepita kwa mita 300. Mnaonaje?" Mwingine huona haya, huongeza mwendo, na akiulizwa kwa redioni yuko wapi, hutaja mahali alipopaswa kuwa. Wa kwanza amepotea na atafaulu. Wa pili ametoa taarifa ya uongo, na katika vita halisi mizinga ya kwao wenyewe ingeweza kumpiga kwa sababu ya uongo huo. Ndiyo maana vyuo vya kijeshi hutibu uongo mdogo kwa ukali ambao raia huushangaa. Kijana aliyesema amesafisha silaha wakati hajaisafisha anaweza kuwa hatarini kuliko aliyeanguka mbio.

Wapo wanaoshindwa, na sababu haiwi uvivu sikuzote. Wengine huangushwa na mifupa. Mtu asiyezoea akikimbia na buti na mzigo siku baada ya siku, mfupa wa mguu chini ya goti unaweza kupata ufa mwembamba. Maumivu ya misuli hutawanyika na hupungua baada ya siku chache. Ya ufa hukaa mahali pamoja, ukipabonyeza kwa kidole kijana anaruka, na baadaye humuuma hata akiwa amelala. Anayeyaficha ili asionekane dhaifu hufika siku mfupa unavunjika kabisa, akapoteza miezi. Anayesema mapema hupumzishwa, na pengine hurudishwa kundi la nyuma amalizie nalo. Wazazi wasilione hilo kuwa aibu. Kabla ya kwenda, miezi mitatu ya kutembea na kukimbia kidogo kidogo, akiongeza taratibu, humsaidia kijana kuliko wiki moja ya kujiua kwa mbio.

Kitu cha mwisho ambacho wengi hawakifikirii ni uhusiano wa afisa mwanafunzi na sajini anayemfundisha kwata. Sajini huyo humfokea kuanzia asubuhi. Lakini wote wawili wanajua kwamba siku ya kamisheni sajini ndiye atakayempigia saluti yule kijana. Mara nyingi sherehe hufanyika pale pale chuoni, ingawa Septemba 2017 zilifanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha mjini, na wananchi wakajionea. Kesho yake Luteni Usu wa miaka 23 hupelekwa kwenye kikosi na kukabidhiwa askari wapatao thelathini. Kati yao yupo sajini mwenye utumishi wa miaka kumi na tano, aliyeshaona maluteni wengi wakija na kuondoka. Luteni akijifanya anajua kila kitu, sajini atanyamaza na kumwacha aanguke. Akimwachia sajini kila kitu, askari wataona platuni haina kamanda. Njia iliyo katikati ni kumuuliza sajini, kumsikiliza, kisha kuamua mwenyewe na kubeba lawama mwenyewe.

Kwa hiyo, mzazi wetu wa Qurus, kijana wako akiwa na vyeti na afya, angoje tangazo la Jeshi kama wengine. Wakati anangoja, muangalie mambo mawili nyumbani. Akiharibu kitu, anakuja kusema au anangoja kigunduliwe? Na wakati wa kuvuna, akimaliza mstari wake, huenda kusaidia mstari wa nani? Hayo ndiyo watakayoyatafuta kwake huko Monduli, mchana na usiku.

Kwa leo tuishie hapo. Tuonane wiki ijayo.